Kushikilia au Kugusa Mara Moja: Mafunzo Niliyopata Kwenye Kibanda cha Gemu Uriri

Jioni nasimamia kibanda cha gemu hapa Uriri, kando ya barabara kuu ya kutoka Rongo kwenda Migori, ile ambayo msimu wa miwa matrekta huipita usiku kucha kuelekea kiwanda cha Awendo. Tuna PS4 mbili, kompyuta moja ya zamani, na benchi la wenye simu, ambao hulipia chaji tu na kukaa hadi giza liingie. Wateja wangu hawachezi dakika kumi. Jumamosi mtu huja baada ya chakula cha mchana na kuondoka umeme ukikatika au mama akituma mtoto kumwita. Kuwatazama watu wa namna hiyo, na kucheza nao wateja wakipungua, kumenifundisha mambo kadhaa kuhusu vitendo vitatu ambavyo karibu kila gemu la bunduki linavyo: kuchuchumaa, kukimbia mbio na kulenga. Kila kimoja kinaweza kupangwa kwa njia mbili. Ama unashikilia kitufe muda wote unaotaka kitendo kiendelee, ambayo kwenye skrini huandikwa `Hold`, ama unagusa mara moja kuanza na mara ya pili kuacha, ambayo huandikwa `Toggle`, na kwenye simu mara nyingi `Tap`.

1. Usichague kwa mchezaji, chagua kwa kitendo

Wengi wakiingia kwenye mipangilio huweka vyote vitatu sawa. Huyu ni mtu wa kushikilia, yule ni mtu wa kugusa, kama timu ya mpira. Mimi naanza na swali jingine: kitendo hiki kwa kawaida huchukua muda gani, na nikisahau kwamba bado kinaendelea nitapata hasara gani?

Kitendo cha sekunde moja au mbili kinafaa kushikiliwa. Kidole kikiachia, kitendo kimekwisha, na huhitaji kukumbuka lolote. Kitendo cha nusu dakika ni hadithi nyingine. Msuli unaobaki umekaza mahali pamoja hubana mishipa yake ya damu, na huchoka hata kama nguvu unayotumia ni ndogo. Ndiyo maana kidole kinachobonyeza mara nyingi kwa haraka kinaweza kuwa kizima saa tatu baadaye, huku kile kilichokaa juu ya kitufe bila kusogea ndicho kinacholalamika.

Kugusa mara moja nako kuna gharama yake, na hiyo huangukia kumbukumbu. Ukigusa, mashine inakumbuka hali uliyomo na wewe pia unapaswa kuikumbuka. Saa ya kwanza hilo ni rahisi. Saa ya nne, macho yamekauka na mwenzako anapiga kelele sikioni, unagusa ili uchuchumae na kumbe ulikuwa umechuchumaa tayari, kwa hiyo unasimama mbele ya adui.

2. Mbio zijiendeshe, ila ujue mahali pa kuzizima

Hapa sina mengi. Katika vitendo vyote vitatu, mbio ndizo huchukua muda mrefu zaidi, na ndizo zisizo na hasara kubwa ukizisahau, kwa sababu gemu nyingi huzikata zenyewe ukisimama, ukilenga au ukifyatua. Ramani ya Erangel kwenye PUBG Mobile ina kilomita 8 kwa 8. Mtu aliyeshuka pembeni na kukosa gari atakimbia dakika kadhaa akifuata duara. Hakuna sababu ya kidole gumba kusukuma kioo dakika zote hizo wakati unaweza kukokota kitufe cha kutembea kwenda juu mpaka kwenye alama ya mbio, ukakiacha hapo, mhusika akaendelea mwenyewe. Ukigusa tena kitufe cha kutembea, anarudi mkononi mwako.

Kwenye pedi ya PlayStation, gemu nyingi za bunduki huweka mbio kwenye L3, yaani kubonyeza fimbo ya kushoto kwa chini. Kitufe hicho ndicho cha kwanza kufa kwenye kibanda chochote, maana kila mtu hukibonyeza kwa hasira huku akisukuma fimbo mbele. Matoleo ya karibuni ya Call of Duty yana chaguo la kukimbia bila kubonyeza chochote, fimbo ikisukumwa hadi mwisho. Nimeliweka kama chaguo kwenye PS4 zetu zote mbili, zaidi kwa kuhurumia pedi kuliko wachezaji.

Tatizo lake ni kwamba katika Call of Duty bunduki haiko tayari ukiwa mbioni. Kutoka kukimbia hadi kufyatua kuna mwanya mfupi, na hatua za mbio husikika. Aliyezoea mbio za kujiendesha hukata kona akiwa bado anakimbia, akakutana na mtu aliyekwisha kunyanyua bunduki. Utamjua kwa malalamiko yake: kila mara husema alifyatua kwanza. Dawa si kurudi kwenye kushikilia. Apunguze kusukuma fimbo hatua chache kabla ya kona, au aanze kulenga kabla hajaikata.

3. Kwenye simu, kushikilia kunakula nusu ya mikono yako

Hili ndilo linalotaka nafasi, kwa sababu hapa kwetu wachezaji wa simu ni wengi kuliko wa mashine nyingine zote.

Kuna kijana wa boda anayekuja Jumamosi, anacheza PUBG Mobile kwa vidole gumba viwili, simu imelala viganjani. Siku moja alinisogelea akinyoosha mkono wa kulia kama anayekausha maji. "Omera, kidole kimekufa ganzi," akaniambia, "na bado nakosa shabaha." Nikaketi nyuma yake mechi nzima, nikiangalia kidole kuliko kioo.

Darubini yake ilikuwa kwenye `Hold`. Aliona kwenye video mchezaji mmoja mkali akitumia hivyo, akaiga. Lakini yule wa kwenye video hucheza kwa vidole vinne, viwili vya shahada vikiwa juu ya kioo kama kucha za mwewe. Kidole kimoja kinashikilia darubini, vingine vitatu vinabaki huru kutembea, kugeuza macho na kufyatua. Mwenye vidole viwili hana akiba hiyo. Gumba la kulia likishikilia darubini, kitufe cha kufyatua kilicho upande huohuo hakina mtu. Inabidi gumba la kushoto liache kutembea liende kwenye kitufe cha kufyatua cha kushoto. Kwa hiyo kila alipolenga alisimama tuli kama mlingoti. Adui akisogea, alisita kuacha darubini ili ageuze macho, akabaki kati.

Ganzi nayo ilikuwa na sababu yake. Alikuwa anapenda kukaa kilimani na darubini ya mara sita, akichungulia nyumba za mbali. Kila mchungulio ulidumu nusu dakika au zaidi, gumba limekandamiza kioo kana kwamba nguvu zaidi italeta picha karibu. Kioo cha simu hakihitaji nguvu, kinahitaji mguso tu, lakini mkono hauamini hivyo. Joto la simu iliyocheza saa mbili huku ikichajiwa likaleta jasho, na gumba lenye jasho huteleza nje ya kitufe. Darubini inafunga wakati usioutaka.

Katika mipangilio ya PUBG Mobile kulenga kuna chaguo tatu: `Tap`, `Hold` na `Mixed`. Hiyo ya tatu watu huipita tu bila kuisoma, nayo ndiyo iliyomfaa. Ukigusa na kuachia haraka, darubini inabaki wazi mpaka uguse tena. Ukibonyeza na kukaa, inafungua, na ukiachia inafunga. Yaani muda wa kidole chenyewe ndio unaoamua. Kwa darubini ya mbali anagusa, kisha gumba linakuwa huru kugeuza na kufyatua. Kwa mapigano ya ndani ya nyumba anabonyeza na kukaa kidogo kisha anaachia, au halengi kabisa.

Hatukumtuma vitani mara moja. Tulimpeleka kwenye uwanja wa mazoezi uliomo ndani ya gemu lenyewe, akajaribu mambo matatu tu. Kwanza, agonge na kuachia mpaka ajue mpaka uko wapi kati ya mguso wa haraka na mbonyezo, kwa sababu mtu mwenye kidole kizito hudhani amegusa kumbe amebonyeza. Pili, aongeze risasi akiwa amelenga, aone kama darubini inabaki au inafunga. Tatu, akilenga aruke, kisha akilenga abadilishe bunduki. Kila gemu lina desturi yake kuhusu kitendo gani kinavunja kulenga, na mtu asiyeijua atalaumu mpangilio bure.

Wiki iliyofuata alirudi kuchaji kama kawaida. Hakusema chochote kuhusu kidole, nami sikuuliza, lakini niliona alikuwa anatembea huku amelenga.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama inafaa kujifunza vidole vinne ili mtu abaki na `Hold`. Ukiwa na simu pana na subira, inawezekana. Kwenye simu ndogo, vidole viwili vya juu hufunika sehemu ya kioo ambako adui hutokea, na vifundo vya mkono hupinda vibaya. Kwa saa nne za Jumamosi mimi sipendekezi.

4. Kuchuchumaa ni vitendo viwili vinavyotumia kitufe kimoja

Kuna kuchuchumaa kwa kukwepa: risasi inakuja, unashuka, unafyatua, unapanda. Hiyo ni nusu sekunde na inataka kushikiliwa. Na kuna kuchuchumaa kwa kujificha: umekaa nyuma ya sanduku unasubiri mtu apite, labda kwa dakika nzima. Hiyo inataka kugusa. Ukichagua njia moja, unailazimisha ifanye kazi ya nyingine.

Kwenye kompyuta yetu tunacheza Counter-Strike 1.6, kwa sababu hiyo ndiyo mashine inaiweza. Kuchuchumaa huko ni `Ctrl` ya kushoto, kwa kidole kidogo, kidole dhaifu kuliko vyote, kikiwa kimepinda kuelekea pembe ya chini ya kibodi. Baada ya saa mbili kifundo cha mkono kinakuwa kimeegemea ukingo wa meza upande wa kidole kidogo. Ganzi ikianzia kidole hicho na cha pete, ujue neva inayopita upande huo imebanwa. Kuchezesha vidole hakusaidii sana hapo, mkono wote ndio unapaswa kubadilisha mkao.

Uzuri wa gemu hilo la zamani ni kwamba unaweza kupata njia zote mbili kwa pamoja. Unaacha `Ctrl` kama ilivyo, ya kushikilia, halafu unaipa herufi `C` kazi ya kugusa. Mistari hii inaandikwa ndani ya faili `userconfig.cfg` kwenye folda ya `cstrike`:

```
alias duck_on "+duck; alias duck_t duck_off"
alias duck_off "-duck; alias duck_t duck_on"
alias duck_t "duck_on"
bind "c" "duck_t"
```

Ni rahisi kuisoma. Mguso wa kwanza wa `C` unaanzisha kuchuchumaa, na papo hapo unabadilisha maana ya kitufe ili mguso ujao usimamishe. `C` hubonyezwa kwa kidole cha shahada au gumba, kwa hiyo kidole kidogo kinapumzika kila unapovizia.

Ina kasoro moja inayowachekesha watu hapa. Ukiuawa ukiwa umechuchumaa kwa `C`, gemu haifuti hali hiyo. Raundi mpya inaanza, wenzako wanatoka mbio, wewe unatambaa mlangoni kama bata. Utajua kwa macho: picha iko chini kuliko kawaida, na hatua ni za polepole. Gusa `C` mara moja uendelee. Mimi nimezoea kuangalia urefu wa picha kila raundi inapoanza, kabla hata ya kununua bunduki.

Ukihamisha kuchuchumaa kwa kushikilia kwenye herufi yoyote, jihadhari na kibodi za bei nafuu. Vitufe vya `Ctrl`, `Shift` na `Alt` kwa kawaida vimeunganishwa kwa njia yao, lakini herufi zinagawana nyaya. Ukishikilia herufi tatu za jirani kwa pamoja, kibodi inaweza kuidharau ya tatu. Mchezaji anaona kama mhusika amekataa kwenda kushoto akiwa amechuchumaa. Njia ya kupima haina gharama: fungua programu ya kuandikia, shikilia herufi mbili kati ya zile unazotumia pamoja, kisha bonyeza ya tatu. Isipotokea kwenye ukurasa, jaribu mseto mwingine. Mpangilio wa kugusa hauna shida hiyo, kwa sababu herufi ya kuchuchumaa imekwisha kuachiwa kabla zingine hazijabonyezwa.

5. Windows nayo ina maoni yake

Wanaoweka mbio kwa kugusa `Shift` kwenye kompyuta watakutana na hili siku moja. Ukibonyeza `Shift` mara tano mfululizo, Windows hudhani unaomba msaada wa kibodi uitwao `Sticky Keys`, na hutoa dirisha katikati ya pambano. Wa kushikilia hawakusalimika pia. Ukishikilia `Shift` ya kulia kwa sekunde 8, linakuja la `Filter Keys`. Misaada hiyo ina maana kubwa kwa mtu ambaye vidole vyake haviwezi kubonyeza viwili kwa pamoja, kwa hiyo usiichukie. Zima njia yake ya mkato tu: kwenye dirisha hilohilo kuna kiungo cha kwenda kwenye mipangilio, ondoa alama ya kuiwasha kwa kibodi, basi.

Na kwa wanaocheza gemu za ndani ya kivinjari, usiweke kuchuchumaa kwenye `Ctrl` huku `W` ikiwa ya kutembea mbele. `Ctrl` na `W` kwa pamoja hufunga ukurasa. Hapo hakuna `Hold` wala `Toggle` itakayokuokoa.

6. Badilisha kimoja, kisha sikiliza aina ya kosa

Mkono uliozoea njia moja haubadiliki kwa kuambiwa. Ndiyo maana sipendi mtu abadilishe vyote vitatu jioni moja. Atakosea, na hatajua kosa limetoka wapi.

Makosa yenyewe yana sura tofauti. Aliyetoka kwenye kushikilia akaingia kwenye kugusa hubaki amelenga bila kujua: unamwona anatembea polepole, picha imefinywa, na adui anampita ubavuni ambako hawezi kumwona. Aliyetoka kwenye kugusa akaingia kwenye kushikilia hufanya kinyume chake. Anagusa, bunduki inapanda na kushuka mara moja, anafyatua bila kulenga, risasi zinatawanyika ukutani. Makosa haya hupungua kadiri siku zinavyopita. Nikimwona mtu amekaa na mpangilio mpya kwa muda na kosa bado linarudi, hasa mwisho wa jioni, mimi humwambia arudishe wa zamani kwa kitendo hicho kimoja na aache vingine.

Maumivu ni jambo jingine na hayangojwi kuzoeleka. Mkono uliochoka hupona ukipumzika usiku. Ganzi inayomwamsha mtu usingizini, au uchungu chini ya kidole gumba unaorudi akishika kikombe asubuhi, huo haumalizwi na mipangilio. Apumzike gemu na aende zahanati.

7. Mipangilio ni ya mtu, lakini pedi ni ya wote

Waliotengeneza The Last of Us Part II, iliyotoka mwaka 2020, waliweka chaguo la kushikilia au kugusa kwa kulenga na kwa mbio, kila kimoja peke yake, na hata kitendo cha kubonyeza kitufe mfululizo unaweza kukigeuza kiwe cha kushikilia. Ilitengenezwa hivyo kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa mikono, na kumbe hata mwenye mikono mizima aliyecheza tangu mchana anaihitaji. Gemu zingine zinakupa kuchuchumaa tu. Za zamani hazikupi chochote, na kwa hizo PS4 yenyewe, kwenye mipangilio yake, inakuruhusu kuhamisha kazi ya kitufe kimoja kwenda kingine. Hilo halibadilishi kushikilia kuwa kugusa, lakini linaweza kutoa mbio kwenye L3 iliyokufa.

Shida ya kibanda ni kwamba wote wanaingia kwa akaunti moja. Mmoja anaweka kulenga kwa kugusa, anaondoka, anayefuata anakaa na kupoteza mechi ya kwanza akidhani L2 imekwama. Niliwahi kutatua ugomvi wa namna hiyo kati ya ndugu wawili, na hela ya mechi ilikuwa imeshalipwa. Sasa kwenye kila PS4 nimefungua watumiaji watatu, na nimewaita kwa mpangilio wenyewe: mmoja anashikilia vyote, mmoja anagusa vyote, na wa tatu ni mchanganyiko, mbio za kujiendesha, kuchuchumaa kwa kugusa, kulenga kwa kushikilia. Mchezaji anachagua kabla sijaanza kuhesabu muda. Yule wa tatu ndiye anayechaguliwa zaidi na wanaokaa hadi usiku. Watoto wa shule wanaolipia mechi moja bado wanapenda kushikilia vyote, na siwabishii, kwa sababu muda wao huisha kabla vidole havijachoka.